Ute wa ujauzito: upi ni wa kawaida, upi unataka dawa

Kliniki ya wajawazito, swali hili huja mwishoni. Presha imepimwa, damu imetolewa kidoleni, tumbo limepimwa kwa utepe, kitabu cha mama na mtoto kimeandikwa, na mama ameshasimama kuondoka. Ndipo anaushika mlango na kuuliza kwa sauti ya chini: "Sista, na hii inayotoka huku chini?"

Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna ubaya. Mwanamke akishika mimba, ute wa ukeni huongezeka, na kwa wengine huongezeka sana hadi inabidi kubadilisha chupi mara mbili kwa siku au kuvaa pedi nyembamba. Lakini kuna wakati ute huo ni ugonjwa, na ugonjwa wenyewe si mmoja. Akina mama wengi, na tuseme ukweli, hata baadhi ya wauzaji wa kemisti, huangalia wingi wake tu. Wingi hausemi mengi. Yanayosema ni harufu, mwasho, na kitu kimoja kisichoonekana kwa macho: asidi iliyomo ukeni. Ukiielewa hiyo asidi, mengine yote yanafuata, kwa hiyo tuanze nayo.

Kuta za uke zina tabaka nyingi za seli. Homoni ya estrojeni, ambayo hupanda sana wakati wa ujauzito, huzijaza seli hizo aina ya sukari iitwayo glaikojeni. Seli za juu zinapochakaa na kubanduka, sukari hiyo huwa chakula cha bakteria wema wanaoitwa laktobasili, nao wakiila hutoa asidi ya laktiki. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH: maji matupu ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Uke wenye afya huwa kati ya 3.8 na 4.5. Vijidudu vingi vya maradhi havistawi mahali penye asidi kiasi hicho.

Katika mimba seli nyingi zaidi hubanduka. Damu nyingi zaidi hupita kwenye kuta za uke na kuzifanya zitoe unyevu, na tezi za mlango wa uzazi nazo hutengeneza ute kwa wingi. Vyote hivyo hushuka pamoja, na huo ndio ute wa kawaida wa mimba. Huwa mwepesi au wa kuteleza, hauna rangi au ni mweupe, na harufu yake ni hafifu, pengine ya uchachu kidogo. Ukikauka kwenye chupi huacha alama ya njano, na alama hiyo imewapeleka wengi kemisti bure. Hauwashi wala hauchomi. Huanza mapema, huongezeka miezi inavyosonga, na katika wiki za mwisho ndipo huwa mwingi kuliko wakati wowote. Joto la Kisumu nalo linazidisha, maana jasho na nguo ya ndani ya nailoni hufanya mtu ahisi amelowa hata pale ambapo ute wenyewe si mwingi.

Sasa tuchukue mfano. Ni mama wa miaka 27, mimba yake ya pili, wiki ya 25, anauza mitumba soko la Kibuye na anaishi Nyalenda. Nimemtunga, lakini mkunga yeyote wa huku atamtambua.

Kwa wiki kadhaa ameona ute umeongezeka, ni mwepesi, mweupe unaoelekea kijivu. Hana mwasho. Kinachomkera ni shombo, tena hasa akishakutana na mumewe. Mama mkwe alikuja kutoka Ahero akamwambia ajioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Yeye akaongeza sabuni ya kipande na kifuniko kimoja cha dawa ya kuua viini, akawa anaosha hadi ndani asubuhi na jioni. Shombo likapungua kwa siku moja, kisha likarudi limezidi. Akaenda kemisti, akasema anatokwa na uchafu, akapewa tembe za klotrimazoli za kuweka ukeni. Akazimaliza bila mabadiliko yoyote. Aliporudi akauziwa zile zile, safari hii pamoja na kapsuli moja ya flukonazoli ya miligramu 150. Tembe alizitumia tena, kapsuli akaitia mkobani kwanza, akaja nayo kliniki.

Alifanya vizuri kuja nayo. Kila alichouziwa ni dawa ya fangasi, na yeye hana fangasi.

Mkunga haanzi na ute. Anaanza na mambo yasiyoweza kungoja: kuna maji yaliyomwagika ghafla? Kuna damu? Tumbo linauma kwa vipindi, likikaza na kulegea? Kuna homa? Mtoto anacheza? Yote yakiwa salama ndipo anauliza rangi, harufu, mwasho, kuungua wakati wa kukojoa, na kama mume naye ana lolote analolalamikia. Kisha anauliza maswali mawili ambayo mama huyaona ya uchokozi lakini yana kazi yake: umejitibu kwa nini mpaka sasa, na mara ya mwisho kukutana na mumeo ilikuwa lini? Dawa iliyowekwa ukeni jana huharibu kipimo cha leo. Shahawa nazo hazina asidi, pH yake hupita 7, kwa hiyo zinaweza kuidanganya karatasi ya kupimia. Ukijua unakwenda kupimwa ute, siku mbili kabla usiweke kitu ukeni, na tendo la ndoa lingoje.

Kisha mama analala kitandani na kifaa cha kufungulia uke, spekulamu, kinaingizwa taratibu. Ute unaonekana umepaka kuta zote kwa usawa, mwepesi, hauna mabonge, na kuta zenyewe hazijawa nyekundu. Mkunga anachukua sampuli kwa pamba kutoka ukuta wa pembeni, si kwenye mlango wa uzazi, kwa kuwa ute wa pale mlangoni hauna asidi hata kwa mtu mzima wa afya. Anaipaka kwenye karatasi ya pH, analinganisha rangi na chati iliyo kwenye boksi, na anasoma 5.5. Asidi imekwenda wapi?

Maabara inajibu. Sampuli inagawanywa kwenye vioo viwili. Cha kwanza kinatiwa tone la maji ya chumvi, cha pili tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10. Kwenye kile cha pili shombo linapanda papo hapo, mtu halazimiki hata kuinama. Chini ya hadubini, seli za uke ambazo kwa kawaida zina kingo safi zinaonekana zimefunikwa na vijidudu vidogo vidogo mpaka ukingo wake hauonekani vizuri. Laktobasili, ambao ni vijiti virefu na kwa kawaida ndio wenye mji, ni wachache mno. Hakuna nyuzi za fangasi, na hakuna kimelea kinachoogelea.

Mwaka 1983 daktari aitwaye Amsel na wenzake walichapisha kipimo ambacho bado kinatumika: ute mwepesi uliopaka kuta kwa usawa, pH iliyozidi 4.5, shombo linalotoka ukiongeza ile potasiamu, na seli zilizofunikwa na vijidudu. Dalili 3 kati ya hizo 4 zinatosha. Mama wetu anazo zote. Ana vajinosisi ya bakteria.

Ugonjwa huu haufanani na kisonono. Si kijidudu kimoja kilichoingia kutoka nje, ni mapinduzi ya ndani. Laktobasili wamepungua, na nafasi yao imechukuliwa na gadnerela na kundi la bakteria wengine wasiopenda oksijeni. Kundi hilo hutengeneza kemikali ziitwazo amini, na mojawapo, trimethilamini, ndiyo hiyo hiyo inayompa samaki shombo lake. Wakaaji wa kando ya ziwa hawahitaji kuelezwa zaidi. Penye asidi, amini hubaki zimetulia ndani ya ute. Asidi ikipungua, hugeuka mvuke na kuruka. Ndiyo maana shombo huzidi baada ya tendo la ndoa, kwa sababu shahawa zinazima asidi kidogo iliyobaki. Na ndiyo maana sabuni ilimfanyia mama ubaya: sabuni ya kipande nayo inazima asidi, na dawa ya kuua viini haichagui, inaua pia laktobasili aliokuwa anawahitaji. Kila alivyozidi kujisafisha ndivyo alivyozidi kuwapa nafasi wale wengine. Huu si ugonjwa wa uchafu, na ningependa hilo liwafikie akina mama wakwe pia.

Mbona tuhangaike nao? Kwa sababu mimba yenye vajinosisi ya bakteria ina uwezekano mkubwa zaidi wa chupa kupasuka mapema, uchungu kuanza kabla ya wiki 37, na tumbo la uzazi kuambukizwa baada ya kujifungua. Tena uke uliopoteza asidi hupitisha virusi vya Ukimwi kwa urahisi zaidi, na Kisumu, Siaya na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi nchini. Hata hivyo, kuna jambo moja lililowashangaza watafiti. Walipowapima na kuwatibu wajawazito wasio na dalili yoyote na wasiokuwa na historia ya kuzaa kabla ya wakati, watoto waliozaliwa mapema hawakupungua kwa namna ya kueleweka. Kwa hiyo mwenye dalili hutibiwa, lakini hakuna haja ya kila mjamzito kudai kipimo hiki.

Dawa ni metronidazoli, ile ambayo wengi huiita flajili. Kwa mama huyu ni miligramu 400 asubuhi na jioni kwa siku 7. Kama zahanati ina tembe za miligramu 200, basi ni mbili mbili, jumla tembe 28. Huacha ladha ya chuma mdomoni na huweza kuleta kichefuchefu, hivyo humezwa baada ya chakula. Mkojo ukiwa mweusi kidogo si jambo la kutisha. Pombe iachwe, na haina nafasi katika ujauzito hata bila dawa. Zamani wahudumu waliiogopa dawa hii katika miezi 3 ya kwanza, na wapo wanaoiogopa mpaka leo, lakini tafiti zilizofuata hazikuonyesha kwamba huwapa watoto kasoro. Kosa ninaloliona zaidi ni la kuacha siku ya tatu shombo likikata. Bakteria waliobaki huanza upya, na baada ya wiki chache mama yuko pale pale.

Kwa nini basi kemisti walifikiria fangasi? Kwa sababu fangasi ndio ugonjwa wa ukeni unaojulikana zaidi na wengi, na ni kweli ujauzito huwapenda. Ile glaikojeni inayowalisha laktobasili huwanenepesha fangasi pia. Lakini alama zake ni nyingine kabisa. Ute wa fangasi ni mzito, mweupe, una vibonge kama maziwa yaliyoganda, na hauna shombo. Kinachomsumbua mama ni mwasho, wakati mwingine wa kumnyima usingizi, pamoja na kuvimba, wekundu, na kuungua mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka. Karatasi ya pH ingesoma 4 au karibu na hapo, maana fangasi huishi vizuri tu ndani ya asidi. Hiyo ndiyo tofauti iliyo rahisi kuliko zote: shombo bila mwasho, fikiria bakteria; mwasho bila shombo, fikiria fangasi. Si sheria ya mahakama, mtu anaweza kuwa na vyote viwili, lakini ingemwokolea mama wetu pesa ya boksi mbili.

Kama kweli ni fangasi, klotrimazoli ndiyo dawa yenyewe, ila katika ujauzito dozi ya usiku mmoja au mitatu mara nyingi haitoshi. Hutumiwa kwa siku 7, usiku kabla ya kulala, na tembe husukumwa kwa kidole kilichooshwa. Kile kijiti cha plastiki kinachokuja kwenye boksi kinaweza kugonga mlango wa uzazi, kwa hiyo mimba ikiwa kubwa ni heri kukiweka kando. Mume hatibiwi isipokuwa naye anawashwa. Fangasi wakirudi mara kwa mara, sukari ya damu ipimwe, maana kisukari cha mimba kinaweza kuanza kujionyesha hivyo.

Na ile kapsuli iliyokuwa mkobani? Flukonazoli ni dawa nzuri kwa asiye na mimba. Kwa mjamzito, utafiti mkubwa wa Denmaki uliochapishwa mwaka 2016 uliihusisha na mimba kutoka, na ikitumika kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu katika miezi ya mwanzo imehusishwa na kasoro za mtoto. Kwa kuwa iko dawa ya kuweka ukeni inayofanya kazi, hakuna sababu ya kuimeza. Aliyekwisha kuimeza kapsuli moja kabla hajajua ana mimba asipoteze usingizi, amwambie tu mhudumu.

Wa tatu ni trikomona, kimelea kinachopatikana kwa kujamiiana. Ute wake huelekea njano au kijani, pengine una povu, unanuka, na unawasha pia. Hapo dalili za wawili waliotangulia zinachanganyika, na jicho peke yake halitoshi. Hadubini humnasa akiwa hai, anaogelea kwa kustukastuka. Lakini sampuli ikikaa mezani dakika ishirini kwa sababu foleni ni ndefu, kimelea hupoa na kuacha kusogea, na hapo hata mtaalamu mzuri anaweza kuandika kwamba hakuna kitu. Dawa ni metronidazoli tena kwa siku 7, na tofauti kubwa ni kwamba mume lazima atibiwe wakati huo huo, na wasikutane mpaka wote wamalize. Akitibiwa mmoja, mwingine anamrudishia.

Kisonono na klamidia ndio wanaonitia wasiwasi zaidi kwa sababu wanakaa kimya. Hushambulia mlango wa uzazi, na wanawake wengi wanaobeba ugonjwa huu hawaoni mabadiliko yoyote kwenye ute. Wakati mwingine kinachoonekana ni usaha mlangoni, damu kidogo baada ya tendo la ndoa, au mume anayeungua akikojoa. Mtoto anaweza kuambukizwa macho akipita njiani, na ndiyo sababu hupakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni akizaliwa. Mjamzito hutibiwa kwa sindano ya seftriaksoni na tembe za azithromaisini. Doksisaiklini, ambayo kemisti huwapa watu wengine kwa klamidia, haifai kwake.

Zahanati nyingi huku kwetu, ukitoka mjini kuelekea Nyakach au Seme, hazina hadubini ya kazi hiyo. Hapo hutumika njia ya kutibu kwa kufuata dalili: mama mwenye ute usio wa kawaida hupewa metronidazoli inayofunika bakteria na trikomona kwa pamoja, huongezewa klotrimazoli kama anawashwa au ute una vibonge, na hupewa dawa za kisonono na klamidia kama kuna usaha mlangoni au mume ana dalili. Njia hii inafanya kazi vizuri kwa zile mbili za kwanza. Kwa kisonono na klamidia ni dhaifu, huwapa dawa wasio nazo na kuwapita walio nazo, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2021 lilihimiza vipimo vitumike popote vinapopatikana. Kwa mama, maana yake ni moja: kama umetibiwa bila kipimo na wiki moja baada ya dawa hali ni ile ile, usinunue dozi ya pili. Omba upelekwe penye maabara, na utaje jina la dawa uliyokwisha kutumia. Boksi tupu likiwa mkononi ni bora kuliko kusema nilipewa tembe nyeupe.

Mama wetu alimaliza tembe zake 28. Sabuni ikabaki ya nje tu, maji matupu kwa sehemu za siri, kupangusa kutoka mbele kwenda nyuma, na ndani hapaguswi. Shombo likaisha kabla ya wiki kwisha.

Aliuliza pia kama mumewe anywe dawa. Jibu la miaka mingi lilikuwa hapana, kwa kuwa majaribio ya zamani ya kuwapa wanaume tembe hayakuwasaidia wake zao. Sasa jibu hilo linaanza kutikisika, na sehemu ya ushahidi imetoka hapa hapa Kisumu. Watafiti waliwafuatilia wanandoa wa mji huu, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, aina ya bakteria waliokuwa kwenye uume wa mwanamume ilitabiri ni mke yupi angekuja kupata vajinosisi baadaye. Mwaka 2025 jaribio la Australia likawapa wanaume tembe za metronidazoli pamoja na krimu ya klindamaisini ya kupaka, na ugonjwa ukarudi kwa wake wachache zaidi. Bado ni jambo jipya, lakini mama ambaye ugonjwa humrudia kila baada ya miezi michache ana haki ya kuliuliza, na kondomu wakati wa matibabu haina hasara.

Wiki ya 33 alirudi tena. Safari hii hakuna shombo wala mwasho, ila amelowa. Aliamka kitanda kikiwa na unyevu, na kutwa nzima sokoni alihisi kitu kinashuka. Swali hapa si la maambukizi tena. Swali ni kama chupa imepasuka, na hilo haliamuliwi nyumbani kwa kubahatisha wala halingoji tarehe ya kliniki.

Maji ya chupa ni mepesi kama maji yoyote, hayana utelezi, na hayamalizwi kwa kubadilisha chupi. Mkojo unaovuja hutoka ukikohoa au kucheka, na harufu yake inajulikana. Maji ya chupa hutoka bila ruhusa, na mara nyingi mama akilala kidogo hukusanyika ukeni, kisha akisimama humwagika kwa mkupuo. Mkunga alimwambia kwa simu avae pedi safi, si pamba wala kitambaa cha rangi, asiweke chochote ndani, na aje nayo. Pedi huonyesha mengi: kama imelowa maji, ute wa kuteleza au damu, na rangi yake ni ipi. Maji ya kijani au kahawia maana yake mtoto amepata choo tumboni, na hapo hakuna hata kungoja pedi ilowe, ni boda au ambulensi moja kwa moja hospitali inayoweza kupasua. Damu nyekundu vivyo hivyo. Ute mzito wa kamasi wenye michirizi ya damu katika wiki ya 39 ni habari njema ya uchungu unaokaribia. Kabla ya wiki ya 37 ni sababu ya kupimwa siku hiyo hiyo.

Kliniki, spekulamu iliingizwa tena. Mkunga hakutumia vidole, kwa sababu kama chupa imepasuka vidole hupandisha vijidudu, na kama kondo limekaa chini vinaweza kuanzisha damu. Alimwambia mama akohoe. Hakuna maji yaliyotiririka kutoka mlangoni, wala hakukuwa na dimbwi nyuma ya uke. Ute ulikuwa mweupe, wa kuteleza. Karatasi ilisoma 4.2, wakati maji ya chupa husoma 7 na zaidi. Pedi aliyokuja nayo ilikuwa na alama ya njano katikati na kingo kavu. Akaandikiwa arudi kliniki tarehe yake ya kawaida, akanunua pakiti ya pedi nyembamba pale getini, akapanda matatu ya Kibuye.